Kii ya nusu mwezi namba 606: kusoma namba, kuchagua kisu na kupata kina cha shimo

*Fundi, nina shafti ya inchi moja inayotumia kii ya nusu mwezi, ile ya Woodruff. Kwenye kasha imeandikwa 606. Mwenzangu anasema maana yake ni milimita sita upana na sita kina. Mimi niliona kwenye jedwali kina ni 0.2143, nikageuza kuwa milimita 5.44, nikakata kwa kisu kilichoandikwa 606. Kii imekaa vizuri kwenye shimo, lakini kitovu cha gia kinagoma, kinakwama juu ya kii. Namba hii inasomwaje, kisu kiwe na kipenyo gani, na kina halisi ni kipi? Nisage kii au nikate tena?*

Namba uliyoipata kwenye jedwali ni sahihi, ndugu yangu, na kisu chako ni sahihi. Kilichokuponza ni mahali ulipoanzia kuhesabu kina. Nitafika hapo, lakini kwanza tuisome namba yenyewe, maana mwenzako akiendelea kuamini hizo milimita sita ataharibu shafti nyingine.

Namba za kii hizi, kwa mfumo wa kiwango cha Marekani cha ANSI B17.2, ni inchi zilizofichwa ndani ya tarakimu. Anzia kulia. Tarakimu mbili za mwisho ni kipenyo cha duara ambalo kii imekatwa kutoka kwake, kwa sehemu za nane za inchi. Zilizobaki kushoto ni upana wa kii, kwa sehemu za thelathini na mbili za inchi. Kwa hiyo 606 ina 06 upande wa kulia, yaani 6/8, ambayo ni 3/4 ya inchi, au milimita 19.05. Kushoto inabaki 6, yaani 6/32, ambayo ni 3/16 ya inchi, au milimita 4.76. Sita mbili hizo hazina uhusiano wowote na milimita, na ni bahati tu kwamba zimefanana. Ukikutana na 1008, kanuni ni ile ile: kulia ni 08, inchi moja kamili, na kushoto ni 10, yaani 10/32, ambayo ni 5/16. Daima mbili za mwisho kwanza, kisha chochote kilichobaki.

Kuna kii za zamani zenye namba fupi au herufi ambazo hazifuati hesabu hii. Kii hiyo hiyo ya 606 iliwahi kuitwa namba 9, na ile ya 808 iliitwa namba 15. Ukiona namba ya tarakimu moja au mbili, usijaribu kuigawa kwa nane. Pima kii yenyewe. Vivyo hivyo kwa kii za milimita za viwango vya DIN na ISO: hizo huandikwa wazi upana kwa kimo, kwa mfano 5 × 6.5, na kisu chake ni cha milimita 16. Kii hiyo inaweza kufanana na ya inchi ukiitazama kwa macho, lakini haitakaa kwenye shimo la 606.

Namba imekupa vitu viwili tu, kipenyo na upana. Kina hakimo. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa kii ni nusu duara, kina ni nusu ya kipenyo, na kwa 606 hiyo ingekuwa milimita 9.5. Ukikata hivyo kii itazama yote ndani ya shafti isibaki hata chembe ya kushika kitovu. Lakini kina kinaweza kupatikana kutoka kwenye namba, ukijua mambo mawili ambayo namba haiyasemi.

La kwanza ni kwamba kii ya Woodruff haifiki nusu duara. Uso wake wa juu umekatwa chini kidogo ya kitovu cha duara. Kwa namba zinazoishia 05 hadi 08, umbali huo ni 1/16 ya inchi. Kwa zinazoishia 04 ni 3/64, na kwa 09 na 10 ni 5/64. Kwa hiyo kimo cha juu kabisa cha kii ya 606 ni nusu kipenyo, 0.375, ukitoa 0.0625. Unapata 0.3125, nacho kiwango hukiandika 0.313. Watengenezaji wameruhusiwa kupungua elfu tano za inchi, kwa hiyo kii yako ina kimo cha kati ya 0.308 na 0.313, yaani milimita 7.82 hadi 7.95. Chukua mikromita uipime, utaona.

La pili ni kiasi ambacho kii inapaswa kuchomoza juu ya shafti, nacho ni nusu ya upana wake. Fikiria kii ya kawaida ya mraba: nusu imo ndani ya shafti, nusu imo ndani ya kitovu. Woodruff imeifuata desturi hiyo hiyo upande wa kitovu, ila upande wa shafti imeshuka chini zaidi ili isipinduke. Kii ya 606 ina upana wa 0.1875, kwa hiyo inachomoza 0.0937, milimita 2.38.

Sasa kina kinajitokeza chenyewe. Chukua kimo cha chini cha kii, 0.308, ondoa 0.0937, unabaki na 0.2143. Hiyo ndiyo namba uliyoiona kwenye jedwali. Jaribu na 808 uhakikishe: nusu ya inchi moja ukitoa 1/16 ni 0.4375, kiwango hukiandika 0.438; ondoa elfu tano, 0.433, ondoa nusu ya upana, 0.125, unapata 0.3080, na ndivyo jedwali linavyosema. Ukikosa jedwali siku moja, njia hii itakutoa kwenye shida. Na ukikosa hata namba, pima kimo cha kii kwa mikromita, ondoa nusu ya upana, na utakuwa karibu sana na ukweli.

Hapo niongeze tahadhari moja ambayo mimi mwenyewe niliilipia. Kii hizi huja kwa maumbo mawili. Moja ina tumbo la mviringo kamili, nyingine ina tumbo lililobapwa chini. Ile iliyobapwa ni fupi: kwa 606 kimo chake ni 0.297 hadi 0.303 tu, elfu kumi pungufu ya mwenzake. Nilipima moja ya hizo zilizobapwa, nikatoa nusu ya upana, nikakata shimo, nikafunga, mashine ikafanya kazi vizuri kabisa. Miezi baadaye fundi mwingine akabadilisha kii kwa yenye tumbo kamili, na kitovu kikagoma kama kinavyogoma chako. Tangu hapo, kabla ya kupima, naigeuza kii nitazame tumbo lake. Ikiwa limebapwa, narudi kwenye namba na kukokotoa kutoka kwenye kipenyo.

Turudi kwenye shafti yako. Umekata 5.44, na 0.2143 ni milimita 5.44 kweli. Lakini jedwali hupima kina hicho kutoka kwenye ukingo wa shimo, pale ambapo ukuta wa shimo unakutana na uso wa shafti. Wewe, nadhani, uligusisha kisu kwenye shafti, ukaweka sifuri, ukaingiza 5.44. Kisu kinapogusa shafti kikiwa kimekaa katikati, hakigusi ukingo wa shimo, kwa sababu shimo halijakuwepo bado. Kinagusa mgongo wa shafti, sehemu iliyotokeza kuliko zote. Shafti ni duara, na kwa hiyo uso wake unashuka kutoka mgongoni kwenda kwenye kingo mbili za shimo. Mshuko huo kisu lazima kiumalize kwanza ndipo hesabu ya jedwali ianze.

Mshuko wenyewe unakokotolewa hivi, S ikiwa kipenyo cha shafti na W upana wa kii:

```
M = (S - sqrt(S*S - W*W)) / 2
```

Kwa shafti ya inchi moja na kii ya 0.1875, mraba wa upana ni 0.0352. Ukiutoa kwenye moja unapata 0.9648, kipeo chake cha pili ni 0.9823, na nusu ya tofauti ni 0.0089. Hiyo ni milimita 0.23. Inaonekana ni kitu kidogo. Lakini kina ulichotakiwa kuingiza kutoka mgongoni ni 0.2143 jumlisha 0.0089, yaani 0.2232, au milimita 5.67. Umekosa 0.23 nzima, na kii yako imeinuka kwa kiasi hicho.

Uone sasa nafasi ilivyo finyu. Mfereji wa kitovu kwa 606 una kina cha 0.0997 kwa uchache, na unaruhusiwa kuzidi elfu tano. Kii ndefu kuliko zote, 0.313, ikikaa kwenye shimo lenye kina sahihi cha chini kabisa, inachomoza 0.0987. Nafasi inayobaki juu ya kii ni elfu moja ya inchi, milimita 0.025. Kiwango kimeacha hicho tu kwa hali mbaya kuliko zote. Shimo lako, likipimwa kutoka kwenye ukingo, lina 0.2054. Kii yenye kimo cha chini inachomoza 0.1026, na yenye kimo cha juu inachomoza 0.1076. Dhidi ya mfereji wa 0.0997, kii imezidi kati ya milimita 0.07 na 0.20. Ndiyo maana kitovu kinagoma, na ndiyo maana kukigonga kwa nyundo hakutasaidia. Kikiingia kwa nguvu, kii itakuwa inakisukuma kitovu upande mmoja, na gia itazunguka ikiwa imeyumba kutoka kwenye mhimili. Mzunguko huo utasikika kwenye meno kabla hujauona kwa macho.

Mshuko huu unabadilika kwa ukubwa wa shafti, na ndiyo sababu hauwezi kuandikwa kwenye namba ya kii. Kii hiyo hiyo ya 606 kwenye shafti ya 3/4 ya inchi ina mshuko wa 0.0119, milimita 0.30. Kwenye shafti ya inchi mbili ni 0.0044, milimita 0.11 tu. Aliyezoea shafti nene anaweza kuusahau miaka mingi bila madhara makubwa, kisha akapata shafti nyembamba yenye kii pana na akashangaa.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha kwamba tatizo ni hili nililolieleza. Gonga kii taratibu mpaka ikae chini kabisa ya shimo, uso wake wa juu ukiwa sambamba na shafti. Pima kwa mikromita kutoka juu ya kii hadi upande wa pili wa shafti. Kwa 606 kwenye inchi moja, kipimo kinapaswa kuwa kati ya milimita 27.43 na 27.68. Natabiri utasoma kati ya 27.78 na 27.91. Kisha pima kitovu, kutoka chini ya mfereji hadi upande wa pili wa tundu lake: kinapaswa kuanzia 27.71 na kisizidi 27.83. Ukikuta kii inasoma ndani ya 27.68 na bado kitovu kinagoma, basi kosa liko kwenye kitovu na shafti yako haina hatia. Na ukikuta kipimo juu ya kii kinatofautiana mbele na nyuma, kii imekaa imeinama, na hapo tutazame kisu.

Kisu cha 606 kina kipenyo na upana vile vile kama kii: 3/4 kwa 3/16. Namba kwenye mkia wa kisu na namba ya kii ni mfumo mmoja, kwa hiyo hukukosea kuchukua 606. Lakini ukipima kisu kipya utaona kimezidi 19.05 kidogo, na usikirudishe dukani kwa sababu hiyo. Duara la shimo linaruhusiwa kuwa kati ya 0.750 na 0.768 za inchi, milimita 19.05 hadi 19.51. Ziada hiyo ina kazi mbili. Inakipa kisu nyama ya kunolewa mara kadhaa, maana kila kinaponolewa kipenyo kinapungua. Na inahakikisha kwamba kii inakaa juu ya tumbo lake, katikati ya shimo, ikiwa huru kuinama kidogo na kujipanga na mfereji wa kitovu chenyewe.

Hatari iko upande wa kisu kilichonolewa kupita kiasi. Kikishuka chini ya 19.05, mviringo wa shimo unakuwa mkali kuliko mviringo wa kii. Kii haitafika chini. Itakaa kwenye ncha zake mbili, mbele na nyuma, ikiacha uwazi chini ya tumbo, na itachomoza zaidi hata kama kina cha shimo ni sahihi kabisa. Ukishuku hali hiyo, paka rangi ya bluu ya kukagulia kwenye tumbo la kii, igonge ikae, kisha itoe. Alama ikiwa katikati, kisu ni kizuri. Alama zikiwa kwenye ncha mbili na katikati kukiwa safi, kisu kimekwisha. Wewe umesema kii imekaa vizuri, lakini kukaa vizuri kwa mkono na kukaa vizuri kwa rangi ni vitu viwili, kwa hiyo fanya jaribio hilo. Halichukui dakika tano.

Kitu kingine cha kisu ni shingo yake, hasa ukitumia kisu kilichochongwa karakana badala ya cha kiwandani. Kitovu cha duara la kisu hakiingii ndani ya shafti. Kwa 606 kinabaki milimita 4.08 nje ya ukingo wa shimo. Shingo ikiwa na kipenyo kinachozidi milimita 8 hivi, itasugua shafti kabla kina hakijafikiwa. Ukiona mstari unaong'aa kando ya shimo, upande wa mkia wa kisu, ujue shingo imegusa. Usilazimishe, kisu kitavunjika hapo hapo shingoni.

Upande wa upana nina machache. Kii imekusudiwa ibane kwenye shafti na iteleze kwenye kitovu. Shimo la shafti linaruhusiwa 0.1863 hadi 0.1880, wakati kii yenyewe ni 0.1875 hadi 0.1885. Kisu kinachoyumba kwenye kishikio kitakata pana kuliko upana wake, na kii italegea. Kabla ya kukata, zungusha kisu taratibu ukiwa na saa ya kupimia ubavuni mwake.

Sasa, kusaga kii au kukata tena. Ningekata tena, na nitakuambia kwa nini, ingawa njia ya kwanza si dhambi. Ukisaga uso wa juu wa kii kwa milimita 0.2, kiasi kilichoingia kwenye kitovu kinabaki kile kile kilichotakiwa, karibu 2.4 hadi 2.5, na hapo ndipo mzigo unapobebwa. Mashine itafanya kazi. Shida yake ni ile iliyonipata mimi: kii ya mbadala iliyo sahihi haitaingia, na atakayefungua mashine hiyo kesho hatajua kwa nini. Kama mashine inasubiriwa na hakuna nafasi ya milingi leo, saga uso wa juu, usisage tumbo kamwe, kisha andika kwenye daftari la mashine kwamba shimo ni pungufu. Tumbo likisagwa kii inapoteza mviringo wake na itatikisika.

Ukikata tena, ugumu wote uko kwenye kukirudisha kisu mahali pake. Ukikosea kwa hata milimita 0.05 upande mmoja, shimo litapanuka. Funga shafti kwenye jiriwa au kwenye vitalu vya V, shimo likitazama kisu. Mashine ikiwa imezimwa, ingiza kisu kwenye shimo lililopo kwa mkono. Panda na shuka kwa meza kidogo kidogo mpaka kisu kiingie na kutoka bila kugusa upande wowote, kisha funga meza isisogee juu wala chini. Ingiza kisu mpaka kiguse chini ya shimo, hapo ndipo sifuri yako mpya. Rudi nyuma kidogo, washa, kisha ingia tena kwa mwelekeo ule ule ili mchezo wa skrubu usikudanganye, na ongeza 0.23. Mimi ningeongeza 0.28, kwa sababu kina kinaruhusiwa kuzidi elfu tano, milimita 0.13, lakini hakiruhusiwi kupungua hata kidogo. Lenga katikati ya ruhusa, usilenge ukingoni.

Kwa shimo jipya, mambo ni mepesi zaidi. Kisu kikiwa wima na shafti ikiwa imelala, gusisha uso wa chini wa kisu juu ya shafti ukiwa umeweka kipande cha karatasi katikati. Kisha sogeza meza shafti iwe kando ya kisu, na ukishushe kisu kwa nusu ya kipenyo cha shafti jumlisha nusu ya upana wa kisu, jumlisha unene wa karatasi. Kwako ni 12.70 na 2.38, yaani 15.08, na karatasi. Hapo kisu kiko katikati ya shafti. Sogeza meza hadi meno ya kisu yaguse karatasi ubavuni mwa shafti, weka sifuri, ingiza 5.67 na unene wa karatasi. Kisu kinaingia moja kwa moja na kutoka moja kwa moja. Usisogeze shafti kwa urefu hata kidogo, maana mviringo wa chini utapotea. Kwa kisu cha chuma cha kasi na shafti ya chuma laini, mizunguko kama 400 kwa dakika, mafuta ya kutosha, na mkono mtulivu vinatosha.

Ukizidisha kina, hakuna kurudi. Shimo likizidi milimita 0.5, kii inabaki na 1.9 tu ndani ya kitovu badala ya 2.4, sehemu ya tano ya uso unaobeba mzigo imepotea, na kingo za mfereji wa kitovu zitaanza kupondeka. Usiweke kipande cha bati chini ya kii ili kuiinua. Bati litasagika na kii itashuka.

Kuna hali ambazo nisingependa uzifanye peke yako kwa kusoma maelezo haya. Ncha ya shafti ikiwa ya koni, kama kwenye shafti nyingi za injini zinazobeba gurudumu zito, mahali pa kupimia kina hubadilika kadiri koni inavyopungua, na hesabu ya mshuko niliyokupa haitoshi. Shafti iliyotiwa ugumu nayo itakula kisu chako kabla ya kufika nusu. Na kama kii ya zamani ilikatika, angalia kona za shimo kwa kioo cha kukuzia, hasa ncha mbili za shimo. Ukiona mstari mwembamba unaotoka konani kuelekea kwenye mwili wa shafti, huo ni ufa, na kukata shimo ndani zaidi ni kuuongezea njia. Shafti hiyo ipeleke kwa mtu mwenye vifaa vya kukagua nyufa kabla hujafunga gia yoyote juu yake.

Kwa shafti yako ya inchi moja hakuna lolote kati ya hayo unalolitaja. Pima juu ya kii leo, paka rangi uone alama za tumbo, na zikiwa katikati, rudisha kisu kwenye shimo uongeze kati ya 0.25 na 0.30. Ukipima tena na kusoma chini ya 27.68, kitovu kitateleza kwa shinikizo la mkono.